Picha za Matope za Fundi Kisigino

Watu wengi hukutazama usoni ili wajue umeamkaje. Fundi Kisigino alianzia chini. Kabla hujamaliza salamu, macho yake yalikuwa yameshasoma viatu vyako, na kama soli imelika zaidi upande wa nje, alikuuliza kwa upole kama goti bado linasumbua. Wateja wapya walishtuka. Wa zamani walicheka wakavua viatu. "Kwa huyu," walisema, "uso ukinyamaza, mguu utakuchongea."

Jina la Kisigino alipewa na mkewe, enzi hizo wakiwa hawajajuana. Msichana mmoja alikuja kibandani akichechemea, kiatu kimoja kimevunjika kisigino. Fundi akakigongomea vizuri, akakataa hata kuangalia uso wa mwenye kiatu kwa aibu. Kesho yake msichana akarudi akichechemea mguu wa pili. Kisigino cha pili kilikuwa kimevunjwa kwa jiwe, na alama za jiwe zilionekana wazi. Fundi alizitazama alama zile, akatazama kiatu, kisha kwa mara ya kwanza akainua macho. "Huyu fundi wa visigino yuko makini," alisema msichana, na jina likakaa. Wawili hawa wakaoana, wakazaa binti mmoja, ambaye sasa alikuwa ameolewa mji wa mbali na alikuwa na mtoto wa kike aliyekuwa bado anatambaa.

Kibanda kilijibana kati ya duka la rangi na ukuta wa kinyozi. Ndani kulikuwa na meza fupi yenye makovu ya kisu, kopo la gundi lenye ndevu za gundi kavu, msharasi wa kutobolea ngozi, na benchi la wateja. Darini zilining'inia kalibu za mbao, zile anazovalisha kiatu ili kikae umbo, zikionekana kama miguu ya watu walioruka wakasahau kushuka. Na chini ya benchi alilala Soli.

Soli alikuwa mbwa wa rangi ya ngozi mbichi, sikio moja limesimama, la pili limelala kama mlinzi wa zamu ya mchana. Alifika akiwa mtoto, akala soli mpya ya mteja, akapewa jina papo hapo, na tangu hapo hakugusa tena ngozi ya mtu. Asubuhi alitoka na fundi nyumbani, wakafuata njia ya kijito, wakapita juu ya tuta la mabwawa ya samaki ya jirani, wakafungua kibanda pamoja. Jioni walirudi njia ileile. Mke wa fundi alisema mumewe ana vivuli viwili, na kimoja kina viroboto.

Jirani mwenye mabwawa aliitwa Dereva. Alikuwa ameendesha malori ya masafa tangu ujana, akavuka mipaka hadi akachoka kuihesabu, na alipostaafu alichimba mabwawa matatu nyuma ya nyumba yake, akayajaza samaki. Aliyatunza kama injini mpya. Yeye na fundi walitenganishwa na ua wa michongoma tu, na walizoea kutaniana kupitia ua huo bila kuonana, kila mmoja akijua mwenzake amesimama wapi kwa moshi wa chai.

Basi asubuhi moja Dereva hakutania. Alifika kibandani na uso wa mtu aliyepasukiwa na tairi mlimani.

"Jirani, kikulacho ki nguoni mwako."

"Karibu benchi," alisema fundi. "Kimekula nini?"

"Samaki. Wiki nzima sasa. Nakuta vichwa kwenye nyasi, magamba, mkia umetupwa kama tiketi iliyokatwa. Leo nimemkuta mwizi na ushahidi mdomoni." Akaelekeza kidole chini ya benchi. "Huyo hapo. Alikuwa analamba kichwa cha samaki wangu."

Soli alisimamisha na sikio la pili.

"Kulamba sahani si kupika," alisema fundi.

"Na nyayo zake? Zimejaa juu ya tuta lote, zinakwenda na kurudi kama basi la abiria!"

"Tunapita pale kila siku, Dereva. Na zangu si zimo? Mimi nimekula wangapi?"

Wateja wakacheka, na hapo ndipo mambo yakaharibika, maana Dereva hakupenda kuchekwa mbele za watu. Akasema mpwa wake ana ghala la saruji ng'ambo ya mji, anatafuta mbwa wa kufunga mnyororo getini. Jumamosi atakuja na pikapu. Mbwa ataondoka, ujirani utabaki.

Fundi alishika kiatu mkononi kwa muda bila kukishona. Mnyororo. Vumbi la saruji. Mbwa ambaye hajawahi kufungwa hata kwa uzi wa kiatu.

"Nikikuonyesha kwamba ni mnyama mwingine?"

"Ukinionyesha, namwomba Soli msamaha kwa mdomo wangu, mbele ya benchi hili. Usiponionyesha, anapanda pikapu."

"Sawa," alisema fundi, akampa mkono. Wateja wote walishuhudia.

Kesho yake alfajiri, kabla jua halijakausha kitu, fundi alimwacha Soli nyumbani akashuka peke yake bwawani. Hakupita juu ya tuta. Aliteremka upande wa kijito, pale maji ya bwawa yanapofurika kidogo na kulainisha udongo, chini ya nyasi ndefu ambazo mtu akiwa njiani hawezi kuona nyuma yake. Hapo akachuchumaa, na akabaki amechuchumaa mpaka magoti yakalalamika.

Kulikuwa na mguu hapo ambao hakuwahi kuushonea kiatu.

Alitoa simu. Akavua kandambili moja akailaza kando ya unyayo, kama afanyavyo anapopima ngozi, akapiga picha. Akapiga nyingine, na nyingine, akafuata nyayo zinavyotoka majini na kurudi majini. Alirudi nyumbani akipiga mluzi, kandambili moja mguuni na nyingine mkononi. Alimsimulia mkewe kwa mdomo uliojaa chai, naye mkewe, aliyekuwa anapiga deki, alisikia tu "mguu", "bwawani" na "Jumamosi watanyamaza", akamwambia asikanyage hapo palipo na maji.

Adhuhuri ikanyesha mvua. Mvua ile kubwa isiyoomba ruhusa, ikaosha tuta, nyasi na udongo wote wa kijito. Fundi aliisikiliza juu ya bati la kibanda kwa raha. Inyeshe tu. Picha zipo.

Simu yenyewe ilikuwa moja, ya mke na mume, na mchana ilikaa nyumbani.

Jumamosi jioni pikapu ilisimama mbele ya kibanda. Mpwa alibaki kwenye usukani akila karanga. Dereva alikaa kwenye benchi katikati ya wateja, na mke wa fundi akaja na simu akiwa amejifunga khanga ya kutokea, maana alitaka kuona jirani akiomba msamaha kwa mbwa.

"Haya fundi, washa taa tuone barabara," alisema Dereva.

Fundi alifungua picha. Akapeleka kidole juu, akapeleka chini. Akavaa miwani. Matope hayakuwepo. Badala yake palikuwa na video moja ndefu, na kidole chake kikaigusa.

Mjukuu wake, soksi miguuni, alisimama ameshika kiti. Akaachia. Akanyanyua mguu mmoja juu sana, kama mtu anayevuka mfereji, akaushusha, akashangaa kuona umefika, akanyanyua wa pili. Sauti ya binti wa fundi ilisikika nyuma ya kamera ikipiga kelele. Mtoto akapiga hatua nyingine, akakaa chini kwa kishindo na kucheka meno yake yote mawili.

Benchi zima likapiga makofi. "Rudisha tena," alisema Dereva, amenyoosha shingo. Wakarudisha. "Anakanyaga sawa huyu. Hapindishi." Kisha akakumbuka kwamba amekasirika. "Na mnyama yuko wapi?"

Fundi alimgeukia mkewe. "Mama watoto, zile picha."

"Picha zipi?"

"Za matope."

"Ah, zile! Nilizifuta. Binti yako alipiga akasema, mama, video haipiti, simu imejaa. Nikafungua nikakuta matope, matope, kandambili, matope. Nikasema, mume wangu kaanza tena."

Hilo nalo lilikuwa kweli, na hata wateja walilijua. Fundi alipopiga picha ya harusi, ilitoka zulia. Alipopiga picha ya mgeni wa heshima, vilitoka viatu vya mgeni wa heshima na kidole gumba cha fundi. Albamu ya nyumba ile ilikuwa ardhi tupu ya nchi nzima.

"Na kwenye pipa la simu? Zinakaa kwanza kwenye pipa."

"Pipa nililimwaga. Mimi na pipa lililojaa tumeelewana lini?"

Kicheko kilikuwa kikubwa hata mpwa akateremsha kioo. Fundi mwenyewe alicheka, kwa kuwa mtu aliyeoa msafi hana budi, lakini mkono wake ulikuwa umeshuka chini ya benchi, umeshika shingo ya Soli. Dereva alisimama. Hakuonekana kufurahi kushinda. Alijikuna kichwa, akatazama pikapu, akatazama mbwa.

"Mapatano ni mapatano, jirani."

"Subiri," alisema mke wa fundi. Sasa alikuwa hacheki. "Mimi nimefuta simu. Sikumfuta huyu macho. Mume wangu, si wewe unayemtambua mtu kwa soli? Uliuona huo mguu au hukuuona?"

"Niliuona."

"Basi useme. Mpigie anayejua wanyama umwambie. Pale darajani kuna kibao chenye namba ya ofisi ya wanyamapori, nimeikariri kwa kukisubiri kijito kipungue."

Alibonyeza namba, akaweka spika, akailaza simu juu ya meza kati ya misumari. Ilipokelewa na sauti ya mwanamke iliyozoea kuulizwa habari za nyoka jikoni. Fundi alijieleza. Samaki wanaliwa, nyayo aliziona, picha zimefutwa, mvua imenyesha.

"Kwa hiyo baba, hatuna kitu ila kumbukumbu yako."

"Ndiyo, mwanangu."

"Haya, usikimbilie jina la mnyama. Watu wakishataja jina, macho yao yanaanza kuongeza vitu. Niambie ulichokiona tu. Vidole vingapi?"

Fundi alifumba macho. Akachukua chaki na kipande cha ngozi, akaanza kuchora huku akisema, kwa kuwa mkono wake ulikumbuka kuliko ulimi.

"Vitano."

"Una uhakika? Mbwa huonyesha vinne. Na paka vinne, na fisi, na chui."

"Vitano. Hapo kando palikuwa na nyayo za mbwa wangu pia, ndipo nilipoona tofauti. Za mbwa wangu ni vinne na kucha mbele, kama misumari iliyotokeza kwenye soli."

"Mbwa naye ana cha tano!" alidakia Dereva. "Kile cha juu, kimening'inia kama spea tairi. Mimi nimekiona."

"Huyo ni nani?"

"Mlalamikaji," alisema mke wa fundi.

"Mlalamikaji yuko sahihi," ilisema simu, na Dereva akakaa wima. "Mbwa ana kidole cha juu kwenye mguu wa mbele. Lakini kiko juu kuliko wenzake, hakigusi chini mpaka mguu uzame sana. Ndiyo maana nauliza, baba, ardhi ilikuwa ya namna gani? Mchanga, udongo mgumu, matope?"

"Matope laini. Lakini si ya kuteleza." Fundi alitafuta neno, jicho lake likaangukia kopo. "Kama gundi inayoanza kushika. Ukiigusa inapokea mpaka mistari ya kidole chako."

"Nzuri sana hiyo. Na mguu ulizama kiasi gani?"

"Unene wa soli ya kandambili. Haukuzidi."

"Basi cha juu cha mbwa kisingefika. Na hicho cha tano kilikuwa wapi? Nyuma peke yake au kwenye mstari na wenzake?"

"Na wenzake. Vimetandazwa kama nusu duara. Kama vya mkono."

Hapo mteja mmoja akasogea mbali kidogo na meza.

"Kucha?"

"Hazikuwepo."

"Fikiri vizuri, hapa ndipo penyewe. Kwenye ardhi ngumu kucha zinaweza zisitoke, mtu akasema hazipo na mnyama anazo. Lakini kwenye hiyo gundi yako..."

"Kwenye hiyo gundi hata uzi ungeonekana. Vidole viliishia mviringo, butu, kama ncha za kiatu cha mtoto. Hapakuwa na hata nukta mbele yake."

Kalamu ilisikika ikiandika upande wa pili. "Sasa kenge tumemtoa. Kenge ana vidole vitano na hupenda mabwawa, lakini kucha zake ndefu, na mkia wake huacha mstari katikati ya nyayo. Nguchiro naye ana kucha. Umbo? Ni mrefu kuliko upana, au umeenea?"

"Wa mbwa wangu ni mrefu, kama yai. Huu ni mpana, karibu duara. Lakini kulikuwa na wa namna mbili. Mmoja wa duara, na mwingine mrefu zaidi, na huo mrefu, katikati ya vidole palikuwa na kama..." Alisugua chaki kwa kidole gumba, akaweka kivuli kati ya vidole alivyochora. "Kama ngozi nyembamba imebaki. Kama mtu ameshona vidole pamoja halafu akaishiwa uzi katikati."

Sauti ya simu sasa ilikuwa ya mtu aliyeacha kuegemea kiti.

"Huo ni mguu wa nyuma. Endelea baba. Mwendo ukoje? Kutoka unyayo mpaka unaofuata?"

"Hicho ndicho kilichonishangaza. Mguu ni mpana unajaza kiganja changu, ungetegemea hatua ndefu. Lakini hatua ni fupi. Nilisema moyoni, huyu amevaa kiatu kikubwa kuliko yeye. Na anatembea amepanua, kama bata. Kisha akifika kwenye mteremko, nyayo zinajikusanya pamoja, zinaacha nafasi, zinajikusanya tena."

"Alikuwa anaruka. Mguu mpana na hatua fupi ni mnyama mwenye mwili mrefu na miguu mifupi. Na nyayo zinatoka wapi?"

"Majini. Na zinarudi majini."

"Baba, mnyama wenu ni fisi maji."

Neno la mwisho halikusikika kabisa, kwa sababu la kwanza lilikuwa limeshafika. "FISI!" alipiga kelele mteja aliyesogea, akapanda juu ya benchi, benchi likabinuka, aliyekaa upande wa pili akakaa chini kwa kishindo kikubwa kuliko cha mtoto wa kwenye video. Kinyozi akatoka na mkasi. Mtu mmoja akakimbia na kiatu chake kimoja, kingine kimebaki kwenye kalibu. Mpwa akapandisha kioo. Soli, aliyeona watu wazima wote wanaruka, aliona ni mchezo, akabweka kwa furaha.

"Si fisi!" ilikuwa inasema simu kutoka chini ya meza. "Jamani! Fisi maji! Si ndugu wa fisi hata kidogo, ana undugu na kicheche. Ni jina tu! Kuna lugha zinamwita paka wa maji, nyingine zinamwita mbwa wa maji..."

"Mbwa!" alisema Dereva. "Mmemsikia? Kasema mwenyewe, mbwa!"

"Dereva," alisema fundi, akiokota simu, "kiboko kuna watu wanamwita farasi wa mtoni. Umewahi kumfunga mkokoteni?"

Watu walirudi mmoja mmoja, wakipangusa magoti. Afisa akaeleza. Mnyama mwenye manyoya ya kahawia, shingo na kifua vyeupe, mkia mnene. Huogelea, hula kaa zaidi, lakini akikuta bwawa limejaa samaki hataki kulidharau. Vidole vyake vya mbele ni kama vya mtu, havina kucha, na huvitumia kupapasa chini ya maji. Mwenye kuacha vichwa kwenye nyasi ndiye yeye. Mwenye kuvilamba asubuhi akipita na tajiri wake, huyo anaweza kuwa mbwa yeyote mwenye akili timamu.

Dereva alikuna kidevu. "Maneno mazuri. Lakini ni maneno ya simu, kutoka kichwani kwa mwenye mbwa. Mahakama gani itakubali?"

"Yuko sahihi tena," ilisema simu. "Mimi nimesikia maelezo, sijaona unyayo. Fanyeni hivi. Pale pale chini, lainisheni matope kwa ubao, yawe sawa kama ukuta uliopigwa lipu. Mbwa afungiwe ndani usiku kucha, na ufunguo akae nao mlalamikaji. Asubuhi msome."

"Nisikae na ufunguo tu," alisema Dereva. "Nitakaa na mbwa."

Basi jioni ile wanaume wawili wazima walichuchumaa kando ya kijito wakilainisha matope kwa ubao, mmoja akisema imetosha, mwingine akisema bado ina mabonde. Kisha Dereva akamwongoza Soli nyumbani kwake, akafunga mlango, akafunga na dirisha. Fundi alilala akiwa na kivuli kimoja tu. Mkewe alimsikia akigeuka, akamwambia kwamba kama ungekuwa mguu wa uongo, asingeukumbuka kwa kidole gumba.

Asubuhi mlango uligongwa kabla chai haijachemka. Dereva alisimama nje amevaa kaptula na buti, Soli kando yake bila kamba.

"Njoo uone," alisema. "Na usiniulize mbwa amelala wapi."

"Amelala wapi?" aliuliza mke wa fundi kutoka jikoni.

"Nimesema msiniulize."

Manyoya ya rangi ya ngozi mbichi yalikuwa yamejaa kwenye fulana yake, kuanzia kifuani mpaka begani.

Chini ya tuta matope yalikuwa yamepokea kila kitu. Nyayo zilitoka majini, pana, vidole vitano vimetandazwa, bila kucha, hatua fupi za bata, na juu kwenye nyasi kichwa cha samaki kilikuwa kinang'aa. Juu ya jiwe, karibu na matete, palikuwa na kinyesi kilichojaa vipande vya gamba la kaa. Hapakuwa na unyayo hata mmoja wa mbwa. Fundi alitoa kile kipande cha ngozi alichokuwa amekichora kibandani na kukikata kufuata chaki, akakilaza juu ya unyayo. Kilifunika. Kilizidi kidogo pembeni.

"Nimemkatia namba kubwa," alisema.

"Matope ya siku ile yalikuwa laini zaidi," alisema Dereva, aliyekuwa ameshakuwa mtaalamu. "Vidole hutanuka." Alikuwa ameshapiga picha nyingi alfajiri. Akazionyesha kwa fahari. Katika kila picha, kona ya chini, kilikuwemo kidole gumba chake.

Wakati huo, ng'ambo ya bwawa la tatu, maji yalijikunja. Kichwa bapa chenye masharubu kikatokeza, kikawatazama wanaume wawili na mbwa wao kama mwenye nyumba anavyotazama wapangaji, kikapotea. Kisha kikatokeza kingine, kidogo, nyuma yake. Na kingine.

"Ana watoto," alinong'ona Dereva. Alikaa kwenye nyasi zenye umande. "Samaki wangu wanalea familia." Akajaribu kukasirika, ikakataa.

Msamaha aliutoa siku hiyohiyo, mbele ya benchi lililojaa watu. Alivua kofia, akainama, akamwambia Soli, "Bwana mdogo, nilikupita vibaya kwenye kona. Nisamehe." Soli alimlamba uso mzima, naye hakujipangusa.

Afisa alikuja mwenyewe kuona, binti mwembamba mwenye buti za kazi, na kabla hajakaa fundi alikuwa ameshamwambia kwamba buti la kulia limechanika ndani, anatembea na maji. Alisema fisi maji analindwa na sheria, asitegwe wala kupigwa. Bwawa lizungushiwe wavu, na chini wavu uzikwe ardhini ili asichimbe apite, na kijito kina kaa wa kumtosha. Na kama mtu ana mbwa mwenye sauti, alale karibu na bwawa. Fisi maji hapendi kelele.

Dereva alikohoa. Akatazama ua wa michongoma kana kwamba anauona mara ya kwanza.

"Jirani," alisema, "huyu mbwa wako usiku ana kazi gani?"

"Usiku? Yuko huru. Ila mnyororo hataki."

"Nani kataja mnyororo? Nina zulia."

Ikawa Soli ana waajiri wawili. Mchana alilinda viatu, usiku alilinda samaki kutoka juu ya zulia la Dereva, mlango ukiwa wazi, na alibweka pale tu alipotaka. Unyayo wa ngozi fundi aliutundika darini kati ya kalibu za mbao. Wateja wakiuliza ni kiatu cha nani, alijibu ni cha mteja ambaye hajaja kukichukua.

Likizo ilipofika, binti alikuja na mtoto wake. Mtoto sasa alitembea, na aliyejifunza kutembea hataki tena kubebwa, hivyo walimwacha ashuke mwenyewe mpaka kijitoni, babu mbele, bibi nyuma, Dereva pembeni akipiga kelele "kona kali, punguza mwendo". Alifika kwenye matope laini, akasimama. Akaona nyayo za usiku, zile za vidole vitano. Akatazama mguu wake. Akaunyanyua juu sana, kama mwenye kuvuka mfereji, akaukanyaga kando ya zile za mnyama, akautoa polepole, akainama kuangalia kilichobaki.

Vidole vitano, bila kucha. Akacheka, akaelekeza kidole kwa mnyama, kisha kwake.

"Haraka, simu!" alisema fundi. Aliinua, akabonyeza, na simu ikamjibu kwamba imejaa.

Mkewe alimpokonya kwa mkono mmoja, macho yake yakiwa kwa mtoto. "Sema haraka nifute nini."

Fundi alitazama video ya kiti na soksi. Akatazama picha za alfajiri ile, ambazo Dereva aliwatumia zote, hakubakiza hata moja.

"Anza na vidole gumba," alisema.

"Vidole gumba vya nani?" aliuliza Dereva, lakini mtoto alikuwa ameshanyanyua mguu wa pili, na hakuna aliyekuwa na nafasi ya kumjibu.